Asilimia ya Kubonyeza Ikishuka, Tazama Kwanza Nani Ameonyeshwa

Tumchukue dada mmoja wa Tanga mwenye chaneli ya mapishi YouTube. Ijumaa jioni amepandisha video ya mkate wa kumimina. Kabla ya kulala anafungua YouTube Studio kwenye simu na kukuta asilimia ya kubonyeza ni 9.4, analala na furaha. Jumatatu asubuhi anaifungua tena: 4.4. Moyo unamwenda mbio. Anaanza kutafuta picha nyingine ya jalada, ile picha ndogo inayokaa mbele ya video kumshawishi mtu aifungue. Anafikiri pia kubadili kichwa cha habari, labda hata kuifuta video aipandishe upya.

Tarakimu hizi nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, lakini mwendo wake ni ule ule ninaouona kwa watu wanaonishikisha simu zao wakiniuliza wamekosea wapi. Mara nyingi hawajakosea popote.

Asilimia hiyo ni hesabu ya darasani. YouTube inahesabu ni mara ngapi picha ya jalada imetokea mbele ya mtu. Ili ihesabiwe, angalau nusu ya picha iwe imeonekana kwenye skrini kwa zaidi ya sekunde moja. Kisha inaangalia ni mara ngapi kuonekana huko kulifuatwa na mtu kuifungua video. Picha ikitokea mara 100 na watu 5 wakabonyeza, ni asilimia 5. Anayeingia kupitia taarifa ya kengele haingii kwenye hesabu hii, wala aliyetumiwa kiungo kwenye kundi la WhatsApp. YouTube yenyewe inasema nusu ya chaneli na video zote zina kiwango kati ya asilimia 2 na 10.

Turudi Tanga. Ijumaa usiku picha ilitokea mara 2,500. Kati ya hizo, 2,000 zilikuwa mbele ya wafuatiliaji wake, watu wanaoijua sauti yake na wanaojua mkate wake hautoki bonge. Hao walibonyeza mara 220, sawa na asilimia 11. Zile 500 zilizobaki zilitokea mbele ya wageni, wakabonyeza mara 15 tu, yaani asilimia 3. Jumla ni 235 kati ya 2,500, na ndiyo 9.4 aliyoiona.

Kwa siku mbili tatu zilizofuata wageni wale wachache wakaitazama video mpaka karibu na mwisho, na mfumo ukaanza kuwaonyesha wageni wengine. Kufika Jumatatu picha imetokea mara 50,000. Wafuatiliaji wameonyeshwa mara 3,000 na kubonyeza 330, bado asilimia 11. Wageni wameonyeshwa mara 47,000 na kubonyeza 1,880, asilimia 4. Jumla 2,210 kati ya 50,000, nayo ni 4.4.

Hapa inafaa kutulia kidogo. Wafuatiliaji hawakupungua hamu hata kidogo. Wageni wamepanda kutoka asilimia 3 hadi 4. Hakuna kundi lililofanya vibaya kuliko Ijumaa, na moja limefanya vizuri zaidi, lakini asilimia ya jumla imeanguka chini ya nusu. Kilichobadilika ni mchanganyiko: Ijumaa, katika kila watu watano walioiona picha, wanne walikuwa wake, Jumatatu karibu wote ni wageni. Anayeuza vitumbua barazani kwake, kila jirani anayepita huenda akanunua. Akipeleka sinia stendi ya mabasi, wengi watapita bila kumtazama, naye atarudi na sinia tupu.

Na mgeni ana sababu ya kupita. Kwenye ukurasa wake wa mwanzo, picha ya mkate imekaa kati ya magoli ya jana, wimbo mpya na mahubiri. Hamjui huyu dada. Kichwa kinachosema "Leo nimewaletea kitu" kinamtosha mfuatiliaji, kwa sababu anamfuata mtu. Mgeni anafuata kitu chenyewe. "Mkate wa kumimina bila oveni" kinampa sababu ya kusimama.

Kubonyeza peke yake hakutoshi, na si jambo jipya. Mwaka 2012 YouTube iliacha kupanga mapendekezo kwa kuhesabu mibonyezo na ikaanza kutazama muda ambao watu wanatazama, kwa sababu picha za hadaa zilikuwa zinavuna mibonyezo ya watu wanaofunga video mara moja. Ndiyo maana video yenye asilimia 4 inayotazamwa kwa muda mrefu inaweza kuendelea kusambazwa, na yenye asilimia 12 inayokimbiwa ikaachwa.

Sasa, si kila kushuka ni kwa heri. Upo ugonjwa wa kweli, nao unatambulika. Kitu cha kwanza ninachoangalia ni idadi ya mara picha ilipoonyeshwa, pale penye neno Impressions. Ikiwa asilimia inashuka huku idadi hiyo inapanda, video inasafiri. Ikiwa vyote viwili vinashuka pamoja, hata wale wa karibu wameipita. Kisha natenganisha vyanzo: Browse features ni ukurasa wa mwanzo, Suggested videos ni mapendekezo kando ya video nyingine, YouTube search ni watu waliotafuta. Kila chanzo nakilinganisha na chenyewe kwenye video zilizotangulia za chaneli hiyo hiyo, zikiwa na umri ule ule. Asilimia 4 ya ukurasa wa mwanzo huwezi kuipima kwa asilimia ya utafutaji, maana aliyeandika "mkate wa kumimina" ameshaamua anataka nini. Mwisho naangalia wangapi bado wanatazama kwenye sekunde ya 30. Wageni wakiingia kwa wingi na kutoka kabla ya hapo, picha imeahidi kisichokuwemo.

Hatari kubwa ya kubadili picha kwa hofu ni kwamba jibu litakalokuja litakuwa la uongo. Tuseme dada yetu anabadili Jumatatu, wakati video bado inaenda kwa wageni. Kesho yake asilimia inashuka zaidi, naye anailaumu picha mpya. Akibadili baada ya wiki tatu, wageni wameshaisha na wanaobaki ni wafuatiliaji. Asilimia inapanda, naye anaisifu picha. Katika hali zote mbili picha huenda haikufanya lolote. Anayetaka kujua kwa haki atumie jaribio la picha lililomo ndani ya Studio: unaweka picha hadi tatu, zinagawanywa kwa watazamaji katika kipindi kimoja, kwa hiyo zote zinakutana na mchanganyiko ule ule. Na mshindi hapimwi kwa mibonyezo, bali kwa sehemu ya muda wa kutazama aliouleta.

Yule dada akiiacha video yake kama ilivyo, baada ya mwezi huenda akakuta asilimia ya siku imerudi kwenye 9. Kabla hajafurahi, atelemshe macho mstari mmoja aone picha imeonyeshwa mara ngapi siku hiyo. Ikiwa ni mara 60, na zote mbele ya watu wale wale wa Ijumaa ya kwanza, safari ya video imekwisha.