Hati ikipotea, daftari la ardhi bado lipo

Mama mmoja wa Kakamega anafungua sanduku la bati na kukuta bahasha ya kaki ikiwa tupu. Shamba bado ni lake. Umiliki umeandikwa kwenye daftari la msajili wa ardhi, na hati ni cheti tu cha maandishi hayo.

Nchini Kenya, safari huanzia polisi, anakopewa karatasi ya kuthibitisha kuwa ameripoti. Kisha hula kiapo mbele ya wakili kueleza hati ilivyopotea, na kuomba taarifa rasmi ya daftari. Maombi hupelekwa kwa msajili. Akiridhika, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali na magazeti mawili ya kitaifa. Siku 60 zikipita bila pingamizi, hati mpya hutolewa.

Siku hizo ndizo za kukesha. Aliyeokota au kuiba hati anaweza kutengeneza kitambulisho chenye jina la mwenye shamba, akajifanya ndiye, akauza. Kwa hiyo ni vizuri kumwomba msajili aweke zuio daftarini mapema. Sheria inamruhusu kufanya hivyo ili kuzuia ulaghai.

Hatari nyingine huwapata watu ambao hati zao hazijapotea kamwe: tapeli huapa kuwa imepotea, akaombewa mpya. Tangazo hutaja namba ya kiwanja, lakini ni wangapi wanaolisoma? Anayeliona la shamba lake apeleke pingamizi kwa maandishi, pamoja na hati halisi, kabla siku 60 hazijaisha.