Je, Wajua? Msimbo wa QR unaweza kubeba namba yako bila intaneti

Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ili kufuatilia vipuri vya magari. Maandishi hukaa ndani ya vile vidoto vyenyewe. Kwa hiyo ukiingiza humo jina na simu kwa mpangilio wa vCard, simu ya mteja itaonyesha kitufe cha kuhifadhi hata kama hana bando. Lakini kadiri herufi zinavyozidi, vidoto navyo huongezeka: msimbo mdogo kabisa una 21 kila upande, mkubwa 177. Ukijaza anwani ya posta, kaulimbiu na kurasa tano za mitandao, vidoto husongamana hadi kamera ya simu ya bei nafuu ishindwe kuvisoma kwenye kadi ya biashara. Jina, kazi, simu na barua pepe vinatosha. Namba ianze na +255, si sifuri, la sivyo mteja wa Nairobi hatakupata.

Wapo watakaosema kiungo cha mtandao ni bora, maana namba ikibadilika unarekebisha ukurasa tu. Ni kweli, ila kiungo kinataka bando, na huduma nyingi za kulipia hukizima ada ikikoma. Wala karatasi haijapitwa na wakati: simu ya mteja ikiwa ya vitufe au imeishiwa chaji, namba iliyochapwa bado inasomeka. Ndiyo maana msimbo ukae kwenye kadi, kando ya namba, ukiachiwa ukingo mweupe. Baadhi ya wachapaji huuziba ukingo huo kwa mapambo, na kamera huukosa msimbo.