Sentimita mbili zinavyoweza kubadilisha matibabu ya mtoto: Kimo kipimwe vipi?

Mzazi wa Galbet anapompeleka mtoto wa umri wa miaka 2 na zaidi kliniki, mtoto husimamishwa kwenye stadiomita baada ya kupimwa uzani. Kifaa hiki ni ubao uliosimama wima, wenye alama za sentimita na milimita, kitako cha kukanyagia na kibao kidogo kinachoteremshwa hadi utosini. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu, lakini tarakimu inayoandikwa ndiyo huamua mtoto atasomwa kwenye mstari gani wa jedwali la lishe.

Jedwali hilo, lililotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2006, hulinganisha uzani wa mtoto na kimo chake. Chukua mfano wa mvulana mwenye kilo 10.2 na kimo halisi cha sentimita 91. Kwa kimo hicho, mvulana aliye chini ya kilo 10.4 huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali, na huanzishiwa chakula tiba na kufuatiliwa kwa karibu. Sasa tuseme alikunja magoti kidogo, na kipimo kikasomeka sentimita 89. Kwenye mstari wa 89, kiwango cha utapiamlo mkali ni chini ya kilo 10.0. Mtoto yule yule, kwa uzani ule ule, sasa anaonekana kuwa na utapiamlo wa kadiri. Magoti yaliyokunjwa yamemwondoa kwenye orodha ya wanaohitaji matibabu ya haraka.

Ndiyo maana wahudumu hupima pia mzingo wa mkono kwa utepe na kukagua kama miguu imevimba. Mzingo ulio chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, au uvimbe wa miguu yote miwili unaotokana na lishe duni, ni dalili ya utapiamlo mkali hata kama kimo kimesomwa vibaya. Hata hivyo, kuna watoto ambao uzani kwa kimo pekee ndio huwatambulisha.

Hatua za kupima

Kwanza, ubao uwe mahali pagumu na tambarare. Kwenye huduma tembezi za vijijini, ambako watoto hupimwa chini ya mti, ubao ukiwekwa juu ya mchanga huinama na kimo hakisomeki sawasawa. Hapo hutafutwa sehemu ya saruji au ardhi iliyoshindiliwa. Stadiomita iliyofungwa ukutani nayo hukaguliwa kwa kijiti chenye urefu unaojulikana, kwa mfano sentimita 100. Kijiti kikisimamishwa chini ya kibao, alama nayo isome 100. Isiposoma hivyo, huenda kifaa kilifungwa juu au chini mno, na kila atakayepimwa hapo atapata kosa lile lile.

Pili, mtoto avue viatu, soksi na kofia. Nywele zilizofungwa juu au kusukwa kwa mafundo utosini hufunguliwa au kusogezwa pembeni. Kwa wasichana wakubwa na wanawake wanaofunga nywele chini ya hijabu, fundo la nywele linaweza kukiinua kibao bila mpimaji kuliona. Katika hali hiyo ni vyema mhudumu wa kike awapime mahali pa faragha ili hijabu iondolewe.

Tatu, mtoto asimame katikati ya kitako, uzito ukiwa sawa kwa miguu yote miwili. Visigino, vigimbi, matako, mabega na kisogo viguse ubao. Mtoto mnene huenda asiweze kugusa kwa sehemu zote tano, na halazimishwi. Muhimu ni visigino viwe chini, magoti yanyooke na mwili usiegemee upande.

Kazi hii huhitaji watu wawili. Msaidizi hupiga magoti na kushika miguu juu kidogo ya vifundo pamoja na magoti, ili visigino visiinuke na magoti yasikunjwe. Mpimaji hushika kidevu na kukiweka kichwa sawa. Mstari wa kuwaziwa kutoka tundu la sikio hadi ukingo wa chini wa jicho uwe sambamba na sakafu. Mtoto akitazama juu kumwangalia mama yake, au akiinama kuangalia miguu, kichwa hugeuka na kimo husomeka pungufu.

Nne, kibao kiteremshwe hadi kibonyeze nywele na kugusa fuvu. Mpimaji asome jicho lake likiwa usawa wa alama, hata ikibidi apande ngazi au achuchumae. Kimo huandikwa hadi milimita, kwa mfano 91.3, bila kukatwa kuwa 91. Mtoto hutolewa, husimamishwa upya na kupimwa tena. Katika utafiti wa WHO uliozaa viwango hivyo, vipimo vya wapimaji wawili vilipopishana kwa zaidi ya milimita 7, vilirudiwa.

Kosa huelekea upande gani?

Viatu, nywele na kibao kisichobonyezwa huongeza kimo. Magoti, mgongo uliopinda na kichwa kilichoinama hukipunguza. Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu majedwali mawili hutumia namba moja. Mvulana wa miaka 3 kamili huhesabiwa kuwa amedumaa akiwa chini ya sentimita 88.7. Mwenye sentimita 88.0 akipimwa na ndara za sentimita moja na nusu husomeka 89.5, na kudumaa kwake hakuonekani. Papo hapo, jedwali la uzani kwa kimo humwonyesha kuwa mwembamba kuliko alivyo.

Kosa jingine ni la umri. Mtoto aliye chini ya miaka 2 hupimwa akiwa amelala, kwa kuwa mwili ukilala hunyooka zaidi ya ukisimama. Akisimamishwa kwa sababu hakubali kulala, sentimita 0.7 huongezwa kwenye kipimo. Aliyefika miaka 2 akipimwa amelala, sentimita 0.7 hutolewa. Umri usipojulikana, watoto wenye sentimita 87 na zaidi hupimwa wakiwa wamesimama.

Mzazi atambueje?

Kitabu cha afya ya mama na mtoto ndicho shahidi wa kwanza. Mtoto hapungui kimo. Kipimo cha leo kikiwa chini ya kile cha mwezi uliopita, kimojawapo kina kosa. Kati ya miaka 3 na 4, mtoto huongezeka takriban sentimita 7 kwa mwaka, yaani chini kidogo ya sentimita 2 kila miezi mitatu. Kuruka kwa sentimita 4 katika miezi mitatu ni sababu ya kuomba kipimo kirudiwe, na mzazi ana haki ya kuomba hivyo kabla ya mtoto kuvaa viatu.

Mzazi pia anaweza kurahisisha kazi nyumbani. Siku ya kliniki, mtoto asisukwe mafundo utosini, avae viatu vinavyovuliwa kwa urahisi, na kitabu chake kisisahaulike. Wakati wa kupima, mzazi asimame mbele ya mtoto, akiinama hadi macho yao yawe usawa mmoja, ili mtoto amtazame bila kuinua kidevu.