Karibu Pilau Jumapili, Ukishindwa Hakuna Lawama

Mpita njia anayewakuta watu wakila barazani hukaribishwa papo hapo. Naye hujibu "starehe" au "asante, nimetoka kula," akaendelea na safari yake, na hakuna anayenuna. Mwaliko wenye siku na saa ni mgumu zaidi, kwa sababu kumwambia rafiki "sitakuja" huonekana kama kumkataa yeye mwenyewe. Ndiyo maana wengi hujibu "Inshallah" au "nitajitahidi," na mwenyeji hubaki hajui apime mchele wa watu wangapi.

Sehemu kubwa ya tatizo hilo humalizwa na ujumbe wenyewe. Tuseme mwenyeji wa Tabata, Dar es Salaam, anataka kula na marafiki saba. Alhamisi jioni anamwandikia kila mmoja peke yake: "Jumapili saa saba mchana napika pilau nyumbani. Ni kula tu, hakuna shughuli wala mchango. Ukipata nafasi karibu sana. Ukiwa na mambo yako usijali, tutakula siku nyingine. Nijulishe kufikia Jumamosi jioni, kabla sijaenda buchani."

Neno la mchango si la kupuuza mjini, ambako mialiko mingi huja na kadi ya kuchangia. Kuandikiana faragha nako kuna maana: kwenye kundi la WhatsApp, watatu wakishaitikia, wa nne huona haya kusema hapana mbele yao. Na kwa kutaja bucha, mwenyeji anaomba idadi ya kumsaidia kununua nyama, wala hampimi mtu mapenzi yake.

Kinachoharibu ni "usikose!" au "nimeshanunua kila kitu kwa ajili yako." Hapo mlango umefungwa. Rafiki akisema hawezi, jibu linalofaa ni "haina shida, tutaonana," bila kudai sababu, maana anayebanwa aeleze mara nyingi hulazimika kutunga, na mwaliko ujao ataukwepa.

Waliosema "nitajitahidi" wahesabiwe nusu, kisha chakula kichaguliwe kwa kuwafikiria. Kilo moja ya mchele kwa kawaida hutosha watu wazima sita hadi wanane. Lakini pilau haisamehi mabadiliko: maji yakishapimwa, mchele ukishakauka na sufuria kupaliwa makaa juu ya mfuniko, hakuna cha kuongeza. Majibu yakiwa ya mashaka, wali mweupe na mchuzi wa nyama ni afadhali. Wakitokea wawili zaidi, sufuria ya pili ya wali huiva kwa muda wa nusu saa hivi, na mchuzi huongezwa viazi na tui la nazi wageni wakiwa bado wanapiga soga.