Mgeni Wetu Si Daktari wa Kutibu

Bibi mmoja aliinuka kutoka safu ya nyuma, mjukuu akiwa mgongoni. Alifika mpaka kwenye meza ya wageni, akafungua leso, akamkalisha mtoto mapajani mwa mgeni wetu na kumwonyesha mguu uliovimba. Mgeni alibaki ameduwaa. Yeye ni mtaalamu wa takwimu. Kazi yake ni kuhesabu na kulinganisha, na maishani mwake hajawahi kumwandikia mtu dawa. Alikuja kuwaeleza wazazi wa kijiji kile, huku Kilifi, utafiti walioshiriki watoto wao umeonyesha nini.

Kosa lilikuwa langu. Dakika chache kabla, nilikuwa nimesimama chini ya mwembe na kusema, "Leo tuna bahati, tumepata daktari mkubwa, ametuletea habari njema za afya ya watoto wetu. Mpigieni makofi." Kila neno nililisema kwa heshima, na karibu kila neno lilimpotosha yule bibi. Alisikia daktari, naye ana mgonjwa. Ningekuwa mahali pake ningeinuka vilevile.

Tangu siku ile nimetambulisha watafiti wengi kwenye mabaraza ya kurudisha matokeo, na maneno hayo ya dakika tatu siyachukulii tena kuwa ya kufungulia mkutano tu. Ndiyo yanayoamua watu watasikiliza kitu gani saa nzima inayofuata.

Shida ya kwanza imo ndani ya neno lenyewe la daktari. Kwa Kiswahili chetu aliyesomea uzamivu wa udongo ni daktari, na anayechoma sindano pia ni daktari. Pwani hii ugumu unazidi kwa sababu utafiti mwingi umefanywa na kituo kilicho pamoja na hospitali. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na shirika la Wellcome la Uingereza walianza programu yao Kilifi mwaka 1989, na mama wengi wamekutana na utafiti wakiwa wamempeleka mtoto kutibiwa. Kwao utafiti ni aina ya matibabu. Kwa hiyo mtambulishaji akitanguliza cheo, anaongeza mchanganyiko ambao mgeni atahangaika nao mpaka mwisho. Afadhali ataje kazi: huyu ndiye aliyezipokea fomu mlizojaza, akazihesabu, akalinganisha kundi hili na lile. Na kama ni daktari wa kutibu kweli, aseme pia kwamba leo hakuja kutibu, halafu aonyeshe ni nani mkutanoni hapo anayeweza kumwona mtoto mgonjwa au kumwelekeza zahanati. Ukimwambia mama mwenye mgonjwa kwamba huyu siye, bila kumwambia ni nani, utakuwa umemfukuza.

Kuna utafiti mmoja unaoonyesha vizuri jinsi neno la utambulisho linavyoweza kugharimu. Mwaka 2007 watoto 894, wa miezi 5 hadi 17, waliandikishwa Kilifi na Korogwe, Tanzania, katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Nusu walipewa chanjo hiyo, na nusu nyingine chanjo ya kichaa cha mbwa. Kundi la pili halikuachwa mikono mitupu kwa sababu ilitakiwa kila mtoto adungwe sindano, mzazi wala muuguzi asijue ni ipi, na mtoto apate kitu chenye faida. Matokeo yalichapishwa Desemba 2008, yakasema kinga ni asilimia 53.

Sasa jiweke mahali pa mtambulishaji. Redio imeshatangaza. Wazazi wamekaa kwenye viti vya plastiki na mikeka, na wengine wamesimama na watoto wao. Kishawishi ni kikubwa cha kusema, "Mgeni wetu ndiye aliyetuletea chanjo ya malaria." Sentensi hiyo ina makosa mawili, na yote mawili yalikuja kuonekana baadaye.

Kosa moja linahusu kiasi. Miongoni mwa watoto waliokamilisha sindano kama ilivyopangwa na kufuatiliwa kwa karibu miezi minane, waliougua malaria kwenye kundi la kichaa cha mbwa walikuwa 66 kati ya 407. Kwenye kundi la RTS,S walikuwa 32 kati ya 402. Zimwage punje za mahindi kwenye ungo mara mbili, mia huku na mia kule. Upande wa kwanza utatoa punje kama 16, upande wa pili kama 8. Asilimia 53 hupatikana baada ya kusawazisha tofauti za watoto na mahali wanapoishi, lakini mzazi akiziona punje ameelewa: wagonjwa wamepungua karibu nusu. Anachopaswa kukiona pia ni zile 8 zilizobaki upande wa chanjo. Hao ni watoto waliochanjwa na bado wakaugua. Mzazi aliyeambiwa mwanzoni kwamba mgeni ameleta chanjo hatazitazama punje nane, na usiku huo huenda akakikunja chandarua akakiweka kabatini.

Watoto wa Kilifi waliendelea kufuatiliwa, na mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya miaka saba. Mwaka wa kwanza kinga ilikuwa karibu asilimia 36 ukihesabu kila mara mtoto alipougua. Ilishuka kadiri miaka ilivyosonga, na ukijumlisha miaka yote saba ilibaki asilimia 4.4 tu kwa waliopata dozi tatu. Mtafiti aliyekuja na habari hizo alikuja kwa wazazi walewale. Kama mara ya kwanza alitambulishwa kuwa mleta chanjo, mara ya pili anaonekana mwongo, ingawa mara zote mbili alisema alichokipima.

Kosa la pili linahusu ahadi. Matokeo si dawa iliyofika zahanati. Kutoka Desemba 2008 ilibidi yafanyike majaribio makubwa zaidi katika nchi saba za Afrika. Kenya ilianza kuitoa chanjo hiyo katika huduma za kawaida Septemba 2019, karibu miaka kumi na moja baadaye, na ilianzia Homa Bay, kwenye kaunti za magharibi. Kilifi, ambako watoto walitoa mikono yao mapema, haikuwa kwenye mpango huo wa mwanzo. Mtu aliyesema barazani "mtaipata karibuni" alijibebesha deni ambalo yeye mwenyewe hana uwezo wa kulilipa.

Kwa hiyo sheria yangu ni kwamba mtambulishaji hatangazi matokeo, hata kama ameyasoma na kuyaelewa. Anasema yatakuja kutoka kwa nani na yanahusu swali gani.

Jambo jingine ni nani anayetambulisha. Chifu hufungua baraza, na ni haki yake, maana watu wameitika wito wake. Lakini chifu akimtambulisha mtafiti, wengi husikia amri ya serikali, na maswali hufa. Ninapendelea chifu afungue, amkaribishe mwakilishi wa kijiji aliyechaguliwa kuzungumza na watafiti, naye amwite mfanyakazi wa nyanjani. Huyu ndiye aliyekuwa akibisha hodi kila wiki, akiwapima watoto joto. Mama wanajua jina lake na wanajua baiskeli yake. Akisema, "Huyu ndiye niliyekuwa nampelekea zile karatasi," mgeni anapata ukoo mkutanoni. Mfanyakazi huyo ndiye pia atakayefasiri kwa Kigiriama, na hilo litangazwe mapema, ili wazee wasikae wakijilazimisha kufuata Kiswahili cha vitabuni.

Nani analipa? Usingoje uulizwe. Pwani tumelelewa na hadithi za mumiani, mnyonya damu anayeiuza, na mtafiti anayechukua damu ya mtoto kwenye kichupa huingia moja kwa moja ndani ya hadithi hiyo. Mtambulishaji aseme mgeni ameajiriwa na nani, fedha za utafiti zimetoka wapi, na kwamba leo hakuna damu itakayochukuliwa. Nimeona mabega ya watu yakilegea kwa sentensi hiyo ya mwisho peke yake.

Halafu kuna jambo ambalo heshima yetu wenyewe hutuponza. Tunapenda kushukuru hadharani: "Wazazi ambao watoto wao walikuwa kwenye utafiti, simameni tuwaone." Usifanye hivyo. Utafiti wa malaria huenda usimwaibishe mtu, lakini mazoea hayo yakihamia kwenye utafiti wa virusi vya ukimwi au kifua kikuu, utakuwa umemvua mtu nguo mbele ya majirani. Shukrani zitolewe kwa kijiji kizima. Na itangazwe tangu mwanzo kwamba habari za mtoto mmoja mmoja, kama vile alipata sindano ipi, hutolewa kando, mzazi na mfanyakazi wa nyanjani peke yao.

Yote hayo yakiwekwa pamoja hayazidi dakika tatu. Siku hizi husema hivi:

"Mama zangu, baba zangu, ndugu zangu, hamjambo. Mnakumbuka watoto wa kijiji hiki walidungwa sindano za aina mbili, na hakuna aliyejua nani kapata ipi. Aliyelinganisha makundi hayo mawili ni huyu mgeni wetu. Ni mwajiriwa wa kituo cha utafiti, na fedha zimetoka kwa wafadhili atakaowataja mwenyewe. Si daktari wa kutibu. Mwenye mgonjwa amwone dada yule mwenye shati la buluu. Leo hachukui damu, wala hakuleta dawa. Amekuja kutueleza kilichoonekana na kile ambacho bado hakijulikani. Mambo ya mtoto wako utaambiwa kando. Pale asipoeleweka mkatizeni, nami nitawasaidia kumkatiza."

Sentensi hiyo ya mwisho naisema kwa makusudi. Mgeni kumkatiza ni utovu wa adabu kwetu, na mtu mzima hatafanya hivyo mpaka mwenyeji atoe ruhusa.

Utajua umetambulisha vizuri au vibaya kwa maswali matatu ya kwanza. Watu wakiuliza dawa italetwa lini, au kama mgeni ana kazi za kuwapa vijana, walisikia ufadhili na tiba. Itabidi usimame tena urekebishe, na usione haya kufanya hivyo. Wakiuliza mwanangu alikuwa kundi lipi, kwa nini wengine waliugua hata baada ya sindano, na damu iliyobaki mmeiweka wapi, basi wamemwelewa aliyesimama mbele yao ni nani. Swali hilo la damu ni gumu na mgeni huenda akatoka jasho, lakini ndilo alilojia.

Ukiombwa kumtambulisha mtafiti kijijini kwako, mtafute siku moja kabla. Muulize anafanya kazi gani hasa, analipwa na nani, na ni kitu gani hawezi kuwapa watu. Andika maneno yako kwenye karatasi, umsomee, na kama atakuomba uongeze sifa zake, kataa.