Ombi la Likizo Lisilorudishwa kwa Maswali

Ikikaribia Desemba, mameneja wengi wa Dar es Salaam hupokea barua pepe nyingi zenye mada ya neno moja tu: "Likizo". Wa Moshi wanajipanga kwenda kula Krismasi kwao, wa Bukoba vivyo hivyo, na kila mmoja ameandika kwa haraka kabla nafasi hazijajaa. Meneja anazipitia kwenye simu kati ya kikao na kikao. Hapo haoni barua nzima. Anaona jina la mtumaji, mada, na maneno machache ya mwanzo wa barua, basi. Kwenye simu nyingi mada yenyewe hukatwa baada ya herufi thelathini au arobaini hivi.

Neno "Likizo" likisimama peke yake halimwambii kitu. Mtumaji anaomba? Anakumbushia ombi la wiki iliyopita? Anawaaga wenzake kwa kuwa ameshakubaliwa? Mada inayojieleza ina mambo matatu, na mpangilio wake una maana: kwanza kitendo, kisha aina ya likizo, kisha tarehe. "Ombi la likizo ya mwaka, 14–27 Desemba" inaeleweka bila kufunguliwa, na ni fupi kiasi cha kuonekana yote au karibu yote. Jina la mwombaji halihitajiki humo kwa sababu tayari liko juu yake. Maneno kama "MUHIMU SANA" ndiyo ya kwanza kuondolewa, maana yanakula nafasi ya tarehe na hayasemi umuhimu uko wapi.

Baada ya mada inakuja sentensi ya kwanza, na hapa ndipo mazoea ya barua za karatasi yanapowaponza wengi. Aliyefundishwa uandishi wa barua rasmi shuleni anaijua vizuri ile "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Kwenye karatasi haikuwa na ubaya, kwani kichwa kimepigiwa mstari juu yake na barua yote iko mbele ya macho. Kwenye barua pepe, sentensi hiyo ndiyo inayotokea chini ya mada katika orodha ya ujumbe, na inachofanya ni kumrudisha msomaji alikotoka. Ile nyingine ya "Natumaini u mzima wa afya na unaendelea vema na majukumu ya kujenga taifa" inaijaza nafasi hiyo hiyo, na tarehe zinasukumwa hadi aya ya pili.

Haina maana kwamba salamu zifutwe. Kumwandikia mkubwa bila kumsalimu ni utovu wa adabu, na hakuna programu ya barua pepe inayobadilisha hilo. Kinachotakiwa ni salamu fupi, "Shikamoo Mama" au "Habari za kazi, Bwana Meneja", halafu ombi lifuate papo hapo. Kuulizia familia na kumtakia sikukuu njema kunakaa vizuri mwishoni, baada ya kazi ya barua kwisha.

Tuchukue mhasibu wa kampuni ya usafirishaji jijini Dar es Salaam anayetaka wiki mbili mwezi Desemba 2026. Barua yake ya kwanza inaanza hivi: "Napenda kuchukua fursa hii kuomba ruhusa ya wiki mbili kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na mbili hadi tarehe 27 kwa ajili ya masuala ya kifamilia." Ni sentensi ndefu, lakini meneja bado ana maswali matatu. Katikati ya mwezi ni tarehe ngapi? Je, tarehe 27 yuko likizo au yuko kazini? Na hiyo ruhusa ikatwe kwenye likizo yake ya mwaka au la?

Swali la pili ndilo linaloleta ugomvi kila mwaka. Neno "hadi" halisemi kama siku inayotajwa imo ndani au nje. Tiba yake ni kutaja siku mbili: ya mwisho ya likizo na ya kwanza ya kurudi kazini. Barua iliyorekebishwa inasomeka hivi: "Naomba siku 14 za likizo ya mwaka, kuanzia Jumatatu 14 Desemba hadi Jumapili 27 Desemba 2026, nitarudi kazini Jumatatu 28 Desemba." Siku ya wiki iliyoandikwa kando ya tarehe ni ulinzi mwingine. Kama mwombaji amekosea tarehe, siku na tarehe hazitapatana, na msomaji atalibaini kosa kabla halijaingia kwenye kumbukumbu za ofisi.

Kutaja idadi ya siku nako si urembo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo katika mzunguko wa likizo, na sikukuu inayoangukia ndani yake inahesabiwa humo humo. Kwa hiyo Jumamosi, Jumapili na Krismasi yenyewe zimo ndani ya zile 14 za mhasibu wetu. Mwenzake wa tawi la Nairobi anahesabu tofauti, maana Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataja siku 21 za kazi. Kwa ofisi inayofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, kutokuwapo kwa tarehe zile zile kunamkata siku 9 tu. Mwenye bosi ng'ambo ya mpaka akiandika "wiki mbili" bila tarehe na bila idadi, anamwachia mtu mwingine kazi ya kukisia. Na akiandika "5/12", Mmarekani ataisoma kuwa tarehe 12 Mei. Jina la mwezi liandikwe kwa maneno.

Kitenzi cha sentensi hiyo ni "naomba", na kina sababu. Kwa sheria ya Tanzania mwajiri ana nafasi ya kupanga likizo ya mwaka ichukuliwe lini, ndani ya mipaka iliyowekwa, hivyo "nitakuwa likizo" kabla ya kukubaliwa inasomeka kama amri. Mgonjwa hali yake ni nyingine: yeye anatoa taarifa. "Sitaingia kazini Jumanne 10 Machi, naumwa" inatosha kuwa mada. Neno "leo" liepukwe, kwa sababu barua ikifunguliwa kesho yake itakuwa inazungumzia siku nyingine. Jina la ugonjwa pia lisiwekwe kwenye mada, kwani mada huonekana kwenye kioo cha simu hata ikiwa imefungwa, na husafiri na barua kila inapotumwa mbele. Cheti cha daktari kiambatishwe ndani.

Kosa moja hufanywa hata na wanaoandika vizuri. Mtu anatafuta barua ya zamani ya meneja, anabonyeza kujibu, anaandika ombi lake. Barua inakwenda na mada "Re: Kikao cha Jumatatu" na inajipanga nyuma ya mazungumzo ya mwezi uliopita, ambako ofisa rasilimali watu hataitafuta. Kuandika mwenyewe "RE:" mwanzoni, kama ilivyo kwenye barua za ofisi, kunaleta utata wa namna hiyo, kwa kuwa kwenye barua pepe alama hiyo inaonyesha jibu. Ombi jipya lianze kwenye ukurasa mtupu.

Mwombaji mwenye shaka ajitumie barua hiyo kwanza, kisha aitazame kwenye simu bila kuifungua. Kama haoni anaomba nini na kuanzia lini, aiandike upya kabla ya kumtumia bosi.