Mtoto Mchanga, Kitanda cha Mama na Usingizi wa Saa Nane Usiku

Kulala kitanda kimoja na mtoto mchanga ni jambo la kawaida katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, na sababu zake zinaeleweka. Chumba ni kimoja, chandarua ni kimoja, na mtoto wa wiki chache hunyonya mara 8 hadi 12 kati ya usiku na mchana. Watoto wengi hulala hivyo wakaamka salama. Hata hivyo, kitanda cha mtu mzima kina hatari zake kwa mtoto aliye chini ya miezi 6, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika miezi 4 ya mwanzo.

Hatari inaanzia kwenye mwili wa mtoto mwenyewe. Kichwa chake ni kizito na shingo yake bado haina nguvu, kwa hiyo uso ukizama kwenye mto au ubavuni mwa mama, mara nyingi hawezi kujinasua. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini, na kidevu kikilalia kifua inaweza kujikunja na kuziba. Tena, akifunikwa uso bila kubanwa, huanza kuvuta ndani hewa ileile aliyoitoa, ambayo oksijeni yake imepungua. Mtu mzima katika hali hiyo hushtuka na kugeuka. Mtoto mchanga anaweza asishtuke, na ndiyo maana vifo vya aina hii hutokea kimyakimya, bila kilio cha kumwamsha aliye pembeni yake.

Kitandani mambo hayo hutokea kwa njia chache zinazojulikana. Blanketi zito hupanda hadi usoni. Godoro la sifongo lililochoka hubonyea chini ya uzito wa mama, na mtoto hubingirika taratibu kuelekea kwenye shimo hilo. Nafasi kati ya godoro na ukuta humnasa. Mtu mzima, au mtoto mkubwa aliyelala kitanda hichohicho, humgeukia na kumlalia. Joto la miili miwili chini ya nguo nzito nalo huongeza uwezekano wa kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Dalili ya kuzidiwa na joto ni jasho kisogoni au kifua kinachochoma kikiguswa.

Zipo hali ambazo huzidisha hatari kiasi kwamba mtoto hafai kabisa kulala kitanda kimoja na mtu mzima. Ya kwanza ni mama au baba kuvuta sigara, au mama kuwa alivuta wakati wa ujauzito, hata kama hakuna anayevuta ndani ya chumba. Ya pili ni pombe, au dawa zinazoleta usingizi. Hapa wengi husahau kwamba piritoni ya mafua na baadhi ya dawa kali za maumivu baada ya upasuaji humfanya mtu alale fofofo. Ya tatu ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 au akiwa na uzito chini ya kilo 2.5.

Mahali pabaya kuliko pote, hata hivyo, si kitandani bali kwenye kochi. Mtoto anayelala na mtu mzima kwenye kochi huteleza kati ya mwili na mto wa kuegemea, au shingo yake hujikunja kwenye kiwiko cha mkono. Tatizo ni kwamba mama mwenye tahadhari ndiye huenda huko. Mfano ni mama wa mtoto wa wiki 6, aliyeamka saa tano usiku na tena saa nane. Ameambiwa asinyonyeshe akiwa amelala kitandani, kwa hiyo anakaa kwenye kochi ili asisinzie. Baada ya dakika kumi kichwa kinaanguka mbele, anashtuka, anamweka mtoto sawa, kisha kinaanguka tena. Mara akumbuka kwamba hajui titi limetoka lini mdomoni mwa mtoto. Kusinzia kwa namna hiyo ni ishara kwamba usingizi umeshashinda, na kujikaza hakusaidii. Ndiyo maana Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri kwamba, kama mama anahisi anaweza kupitiwa na usingizi, ni afadhali anyonyeshe kitandani palipoandaliwa kuliko kwenye kochi au kiti cha kuegemea.

Lililo salama zaidi ni mtoto kuwa na mahali pake pa kulala, chumba kilekile na mama, karibu kiasi cha kufikiwa kwa mkono, kwa miezi 6 ya kwanza angalau. Si lazima kiwe kitanda cha kununua dukani. Godoro dogo gumu lililowekwa juu ya mkeka kando ya kitanda, penye chandarua chake kilichonyooshwa kisiguse uso, linatosha. Kipimo cha ugumu ni rahisi: kiganja kikikandamiza na kuondoka, godoro lirudi mara moja bila kuacha shimo. Juu yake liwekwe shuka moja lililobanwa vizuri, pasiwe na mto wala nguo za ziada. Mtoto alazwe chali. Wengi huogopa kwamba akicheua akiwa chali atapaliwa, lakini akilala hivyo njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yanayorudi huelekea kushuka tena tumboni. Akilala kifudifudi mpangilio huo hugeuka.

Kitanda cha mama nacho huandaliwa kabla ya kulala, kwa kuwa saa nane usiku hakuna mwenye akili ya kuhamisha mito. Kitanda huvutwa mbali na ukuta, au godoro hushushwa sakafuni. Upande wa mtoto huachwa wazi, blanketi likiishia kiunoni mwa mama, ambaye huvaa sweta kama kuna baridi. Nywele ndefu hufungwa na mkufu huvuliwa. Mtoto mkubwa huhamishiwa kwingine, na mchanga hawekwi kati ya wazazi wawili.

Mama yule wa wiki 6, asiyevuta sigara na asiyetumia dawa ya usingizi, akiamka saa nane hulala ubavu, mtoto akiwa usawa wa titi na mbali na mto. Mkono wa chini hunyooshwa juu ya kichwa cha mtoto na magoti hukunjwa chini ya miguu yake, hivyo mwili wa mama unakuwa kama uzio unaomzuia asipande kwenye mto wala kuteremka chini ya blanketi. Simu huwekwa ilie baada ya dakika 20. Mtoto akimaliza, au mama akizinduka wakati wowote, mtoto hurudishwa kwenye godoro lake, chali. Kadiri anavyokaa kitandani muda mfupi, ndivyo hatari inavyopungua.

Mwenzi wa mama anaweza kuuchukua sehemu ya usiku huo. Mama ndiye anayenyonyesha, lakini kumleta mtoto, kumcheulisha, kumbadilisha nepi na kumrudisha mahali pake ni kazi inayoweza kufanywa na baba, bibi au shangazi aliyelala vya kutosha. Naye akikaa na mtoto begani kwenye kochi akahisi macho mazito, asimame na kumlaza mtoto mahali pake kwanza.